Slaidi 22 ndani ya maneno 100, si 99 wala 101

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina slaidi 22 kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar, nitawasilisha kwenye kongamano. Waandaaji wanataka muhtasari wa maneno 100 kamili kwa ajili ya kijitabu cha ratiba, wamesema isizidi wala isipungue. Nimekopi pointi za kwenye slaidi nikaunganisha, nimepata 260 na nikipunguza inakuwa haieleweki. Naanzia wapi? Na hayo maneno wanayahesabu vipi?"

Marahaba mwanangu. Nimehariri vijitabu vya namna hii miaka kadhaa na karibu kila mtu anaanza pale ulipoanzia wewe, anachukua pointi za slaidi anazibana, anabana tena, mwisho zinabaki nomino tupu zimepangwa foleni. Haieleweki kwa sababu pointi ya slaidi si sentensi, ni kikumbusho chako wewe mzungumzaji, maana yake iko mdomoni mwako siku ile umesimama mbele ya watu. Msomaji wa kijitabu hana mdomo wako. Yeye amekaa kwenye kiti, kuna vyumba vitatu au vinne vinaendesha mada saa moja hiyohiyo, anataka kujua aingie kipi. Kwa hiyo hizo 260 ziweke pembeni kabisa, usizikate, tunaandika upya.

Kwanza nikujibu kuhusu 100, maana watu huona ni ukorofi wa waandaaji tu. Kijitabu kingi kinachapwa A5, na dizaina anakuwa ameshatengeneza visanduku, labda viwili au vitatu kwa ukurasa, kila muhtasari una kisanduku chake na vyote viko saizi moja. Ukizidisha yeye hana muda wa kukusoma, anakata kuanzia chini. Kuna kijitabu kimoja nilipewa nikihariri wakati kilishaenda kiwandani, muhtasari wa dada mmoja ulikuwa na maneno mia na ishirini na kitu, ukakatwa mkiani, na mkiani ndipo palipokuwa na pendekezo lake lote, kilichobaki ni historia tu. Watu wakaingia chumbani wakidhani ni mada ya historia. Iliniuma sana kwa sababu ile kazi ilikuwa nzuri. Ukipungua nako kuna tabu yake, kisanduku kinabaki na pengo jeupe, halafu kuna fomu za mtandaoni ambazo zinakukatalia tu ukiwa 99, hakuna wa kumlilia.

Sasa kuhesabu. Programu nyingi zinahesabu nafasi, yaani chochote kilichoachiwa nafasi kushoto na kulia ni neno. Mwaka 1989 ni maneno mawili, "mwaka" na "1989". "Asilimia 40" ni mawili lakini "40%" ni moja. "Na/au" bila nafasi ni moja. Tatizo linaanzia kwenye deshi, zile ndefu, ukiiweka na nafasi pande zote Word inaihesabu kama neno, na ukiibana katikati ya maneno mawili kuna programu inayoyaona yote neno moja na nyingine inayatenganisha. Kwa hiyo wewe una 100 nyumbani, mwandaaji anaona 102, mnaanza kuandikiana barua. Dawa ni rahisi, muhtasari wako usiwe na deshi hata moja wala mkwaju, tumia mkato na nukta tu, hapo programu zote zitakubaliana. Jingine, ukikopi kutoka PowerPoint vile vidoti vya mwanzo wa pointi vinaweza kuja navyo na kila kidoti kikahesabiwa neno, angalia hilo kwenye hizo 260 zako, huenda kumi na kitu ni vidoti.

Kichwa cha mada na jina lako kwa kawaida havimo kwenye 100, ila waulize, usikisie. Kwenye Word shika kwa mausi aya yenyewe tu halafu tazama namba chini kushoto, kwenye Google Docs bonyeza Ctrl+Shift+C. Kama unatumia Linux au Mac hifadhi kama maandishi matupu halafu:

```
wc -w muhtasari.txt
```

Sasa kazi yenyewe. Fungua PowerPoint, nenda View kisha Outline View, slaidi zako zitabaki maandishi tu bila picha. Soma vichwa peke yake kuanzia cha kwanza mpaka cha 22. Nina uhakika utakuta "Utangulizi", "Historia ya mwani", "Changamoto", "Mbinu", "Hitimisho". Hivyo ni vibao vya njia, havisemi kitu. Kila kichwa kigeuze kiwe sentensi yenye kitenzi, yaani badala ya "Changamoto" andika "Kotonii inakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto", kotonii ikiwa ile aina ya mwani yenye bei nzuri. Slaidi ambayo huwezi kuitungia sentensi kama hiyo, au sentensi yake ikiondoka hoja yako haiyumbi, hiyo haiingii kwenye muhtasari. Kwenye mada kama yako zinatoka nyingi tu, ramani ya nchi zinazolima mwani duniani inatoka, maelezo ya karajinani, ule ute unaotolewa kwenye mwani, kwamba inatumika kugandisha vyakula na dawa ya meno yanatoka, picha za kufunga mbegu kwa taitai, zile kamba ndogo, zinatoka, sabuni ya mwani inatoka. Kwenye slaidi zote zikae, watu watazipenda, lakini haziamui mtu aingie chumba gani.

Zikibaki sentensi tano sita, gawa maneno kabla hujaandika, kama mtu anayegawa pesa ya matumizi kabla hajaenda sokoni. Mimi kwa mada kama hii natenga kama 20 kwa usuli, 25 kwa tatizo, 15 kwa ulichofanya, 20 kwa ulichoona na 20 kwa maana yake na pendekezo. Si amri, ikisogea mawili matatu hakuna shida, ila ukiona usuli umefika 45 ujue umeshaanza kusimulia historia.

Kwa kuwa mada naifahamu kiasi nimejaribu kukuandikia, nikachukulia kwamba hoja yako ni hii: mwani wa kibiashara ulianza upande wa mashariki wa Unguja 1989, kotonii yenye bei ikaanza kufa, kukaja nyavu za mirija za kina kirefu, lakini kule kunataka boti na kuogelea na wakulima wengi ni wanawake waliozoea kutembea kwa miguu maji ya bamvua yakitoka. Kama sivyo utarekebisha, njia ni ileile.

Rasimu yangu ya kwanza ilitoka maneno 121. Sikujizuia, niliandika kama ninavyoongea, na nakushauri ufanye hivyo, andika uzidi kidogo, 120 mpaka 130, kwa sababu kupunguza ishirini ni kazi ya lugha lakini kupunguza mia na sitini ni kazi ya kuchagua hoja, na hiyo tulishaimaliza kwenye vichwa. Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi:

"Wakati kilimo cha mwani kilipoanza katika vijiji vya Paje na Jambiani mnamo mwaka wa 1989, wanawake ambao wanaishi katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja waliweza kupata fedha zao wenyewe."

Hayo ni maneno 31. Sasa angalia Kiswahili kinavyokusaidia. "Kilipoanza" ina "po" ndani yake, tayari imeshasema wakati, kwa hiyo "wakati" inatoka. "Katika vijiji vya" inatoka, Paje na Jambiani kila mtu anajua ni mahali. "Mnamo" na "wa" kabla ya 1989 zinatoka. "Ambao wanaishi katika pwani" inakuwa "wa pwani", tumeokoa mawili. "Kisiwa cha" inatoka. "Waliweza kupata" inakuwa "walipata", kwani walipata au waliweza tu? Kumi na moja yameondoka na hakuna habari hata moja iliyopotea, tuko 110.

Sentensi iliyokuwa nzito zaidi ni ya matokeo:

"Matokeo yanaonesha kwamba kina hicho kirefu kinasaidia kupunguza joto kwa ajili ya kotonii, lakini kwa upande mwingine kinahitaji kuwepo kwa boti na ujuzi wa kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi hawana."

Thelathini. Hapa mchawi ni ile "kwa ajili ya", maneno matatu yanayofanya kazi ambayo kitenzi chetu kinaifanya kwa silabi moja. Kupunguza joto kwa ajili ya kotonii ni kuipunguzia kotonii joto. Kwa hiyo "kinasaidia kupunguza joto kwa ajili ya kotonii", maneno saba, inakuwa "kinaipunguzia kotonii joto", matatu, na inasikika vizuri zaidi kwa sababu ndivyo tunavyosema. "Kwa upande mwingine" inatoka, "lakini" imeshageuza njia. "Kinahitaji kuwepo kwa" inakuwa "kinadai". "Matokeo yanaonesha" inakuwa "naonesha". "Kirefu" inatoka maana sentensi iliyotangulia imeshasema, na "vitu" inatoka maana "ambavyo" imeshalibeba. Kumi na mawili, tuko 98.

Unaona tumefika 98 na sasa tunadaiwa mawili, na hapa ndipo watu wanaharibu. Wanachomeka "sana", "kwa ujumla", "pia", ili tu namba itimie. Usifanye hivyo kabisa. Ukidaiwa maneno tafuta mahali ambapo msomaji angekuuliza swali, mjibu pale. Pendekezo langu lilikuwa linasema "mafunzo ya kuogelea na boti vitangulie ugawaji wa nyavu", nikajiuliza boti za nani? Maana boti ikiwa ya tajiri mmoja mkulima ataikodi na faida ya kotonii itaishia kwenye kodi. Nikaongeza "za ushirika". Mawili, na yamebeba hoja. Haya hapa yote:

"Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja walipata fedha zao wenyewe. Tangu miaka ya 2000 kotonii, aina yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto kali, na wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Mada hii inalinganisha vigingi vya ufukweni na nyavu za mirija zinazowekwa kina kirefu. Naonesha kwamba kina hicho kinaipunguzia kotonii joto, lakini kinadai boti na ujuzi wa kuogelea ambavyo wanawake wengi hawana. Teknolojia inayookoa zao inaweza kumtoa shambani mwanamke aliyelilima tangu mwanzo. Napendekeza mafunzo ya kuogelea na boti za ushirika vitangulie ugawaji wa nyavu."

Usiniamini, hesabu. Na usihesabu kwa kidole kwenye aya, jicho linaruka, hasa kwenye "ya" na "na". Panga maneno kumi kila mstari, ikitoka mistari kumi kamili umemaliza. Mstari wa tano hapo unaishia kwenye "inalinganisha" na wa sita unaanza na "vigingi", ukikuta tofauti umeruka mahali.

Hiyo mistari kumi ina faida nyingine, inakuonesha uzito umekaa wapi. Kwenye huu wangu karibu nusu imeenda kabla sijasema lolote mada inachofanya. Nimeuacha hivyo kwa sababu kongamano lenye watu mchanganyiko, wa uchumi, wa jinsia, wa bara, wengi hawajui kotonii ni nini wala kwa nini kufa kwake ni msiba. Lakini kama kongamano lako ni la watu wa sayansi ya bahari peke yao, ile sentensi ya kwanza ibane iwe kumi, "Mwani ulioanza Paje na Jambiani 1989 uliwapa wanawake kipato", kisha hebu ihesabu uone, imetoka tisa, kwa hiyo unadai kumi na moja, na hayo yapeleke kwenye matokeo, uwaambie nyavu za mirija zinafanyaje kazi, kwamba mwani unajazwa ndani ya wavu mrefu wenye umbo la bomba badala ya kufungwa kwa taitai, kwa hiyo mawimbi ya kina kirefu hayaukati kirahisi. Wale ndicho watakachokuja kusikiliza.

Kuna vitu viwili sikuviandika na nataka uone kwamba havipo. Cha kwanza ni "Katika mada hii nitazungumzia kuhusu", maneno matano, asilimia tano ya mali yako yote, na hayajasema kitu. Anza na mwani, usianze na wewe. Cha pili ni ahadi. Kijitabu kinachapwa wiki kadhaa kabla, na watu huandika "tutaonesha kiwango cha mavuno kiliongezeka kwa kiasi gani" wakati data bado hawajazimaliza, halafu siku ya siku slaidi haipo na aliyekuja kwa ajili ya hicho anauliza mbele ya watu wote. Andika kile ambacho leo hii kiko ndani ya slaidi zako. Kama jambo ni la kukisia lipe "inaweza", kama nilivyofanya kwenye sentensi ya teknolojia, sikusema itamtoa mwanamke shambani, nimesema inaweza, kwa sababu mahali ambapo mafunzo na boti vimetangulia si lazima atoke.

Vifupisho navyo chunga. Kifupisho ni neno moja kwa hiyo kinashawishi, unaona umeokoa manne, lakini asiyekijua umempoteza hapohapo na kwenye maneno mia huna pa kukifafanua. Majina ya kisayansi ya mwani pia, "kotonii" na "spinosamu" ndiyo majina yanayosemwa ufukweni na kwa mnunuzi, yanatosha, yale marefu ya Kilatini yanakula maneno mawili mawili, yaache kwenye slaidi.

Wakikuomba na muhtasari wa Kiingereza, usitafsiri huu. Hautatoka 100, haiwezekani itokee kwa bahati. Kiswahili kinapakia mtenda, wakati na mtendewa ndani ya kitenzi kimoja, "nimekupikia" ni neno moja kwetu na Kiingereza kinatumia matano, lakini sisi nasi tunalipa kwa "ya", "wa", "cha", "za" kila kona, wangu hapo juu zimejaa. Kwa hiyo faida na hasara haziko mahali pamoja. Rudi kwenye zile sentensi zako tano, gawa maneno upya, andika Kiingereza chake kuanzia sifuri. Na kinyume chake pia, ukiandika Kiingereza kwanza ukaja kutafsiri, Kiswahili chako kitajaa "ambao" na "kwa ajili ya" na "katika", ndiyo hizohizo tulizokuwa tunazifukuza.

Kabla hujatuma mpe mtu mmoja ambaye si wa fani yako, mfunikie kichwa cha mada, asome mara moja tu, halafu umuulize mada inasema nini. Akikujibu "inahusu mwani" muhtasari umeshindwa, umempa somo bila hoja. Akisema "kwamba zile nyavu mpya zinaweza kuwatoa wanawake" umepita. Akijibu kitu cha tatu kabisa usibishane naye, tafuta sentensi iliyompeleka huko, mara nyingi ni ile uliyoipa maneno mengi kuliko ilivyostahili.

Halafu tuma kama maandishi matupu ndani ya barua pepe na kama faili pia, usitume picha wala PDF peke yake, kwa sababu kuna mtu atakaa auchape upya kwa mkono na hapo ndipo "kotonii" inageuka "katoni". Waombe wakuoneshe ukurasa wako kabla haujaenda kiwandani, ukiupata angalia neno la mwisho kwanza, liwe "nyavu" na nukta yake.